Skrinishoti ndefu: kwa nini ikifika kwa mwenzako haisomeki, na namna ya kuifikisha ikiwa nzima

Msimu wa korosho ukishafunguliwa Oktoba, simu za Newala na Tandahimba huanza kupokea meseji za malipo. Mkulima aliyepeleka mzigo ghalani mara kadhaa huingiziwa fedha kwa tarehe tofauti, na kila kiasi kinakuja kikiwa kimeshatolewa makato. Tuseme mjomba yuko Kitangari, na fedha alizopata hazilingani na kilo alizopima. Mpwa wake aliyeko Mtwara mjini ndiye mwenye kuyaweza mahesabu, naye anamwandikia: "Shikamoo mjomba. Nitumie meseji zote za benki tangu ile ya kwanza, nizione kama unavyoziona wewe." Mjomba anapiga skrinishoti ndefu, meseji tisa ndani ya picha moja, anaituma kwa WhatsApp. Kwa mpwa kinafika kitu chembamba kama utepe. Akikikuza, herufi zote ni ukungu.

Upigaji wa mjomba haukuwa na kosa. Picha iliyobaki kwenye simu yake inasomeka hadi senti ya mwisho. Imeharibikia njiani, na sababu yake ni hesabu ndogo ambayo ukiielewa hutahangaika tena.

Skrini ya simu imeundwa kwa nukta ndogo za rangi, ziitwazo pikseli. Simu nyingi za bei nafuu zina nukta 720 kwa upana na 1600 kwa urefu. Skrinishoti ya kawaida hunakili nukta hizo zilivyo, kwa hiyo nayo inakuwa 720 kwa 1600. Skrinishoti ndefu upana wake ni uleule wa 720, kinachoongezeka ni urefu peke yake. Meseji tisa za mjomba zimejaza skrini sita hivi. Ukiondoa sehemu zinazorudiwa kati ya skrini moja na nyingine, picha yake ina urefu wa nukta kama 8000.

Ukituma picha WhatsApp kwa njia ya kawaida, huwa inapunguzwa ili isile bando, na upande wake mrefu hushushwa hadi nukta kama 1600. Hapo ndipo penye tatizo. Kutoka 8000 kwenda 1600 ni kugawanya kwa tano, na upana nao unagawanywa kwa tano vilevile ili picha isipindike. Nukta 720 zinabaki 144. Herufi iliyokuwa na kimo cha nukta 30 sasa ina nukta sita, na kwa nukta sita huwezi kutofautisha 3 na 8, wala 5 na 6. Mpwa akikuza picha hapati nukta mpya, anakuza zile chache zilizobaki. Kwenye mambo ya fedha hali hii ni mbaya kuliko picha kutofika kabisa, kwa sababu anaweza kubahatisha tarakimu na hesabu nzima ikaenda kombo.

Kitufe cha HD kinachoonekana juu ya picha kabla ya kuituma hupunguza madhara, lakini hakiyaondoi, maana nacho kina ukomo wake na picha ndefu sana itaufikia.

Njia ya uhakika ni kuituma skrinishoti kama faili na si kama picha. Kwenye mazungumzo ya WhatsApp bonyeza alama ya klipu, lakini badala ya kuchagua "Gallery" chagua "Document". Kisha tafuta faili lenyewe. Kwa simu nyingi za Android limo kwenye folda iitwayo Screenshots, ndani ya Pictures au ndani ya DCIM, na jina lake huanza na Screenshot likifuatiwa na tarehe. Ukipanga mafaili kwa tarehe, la karibuni litakuwa la kwanza. Likitumwa hivi linakwenda kama lilivyo, bila kuguswa. Utajua umefanya sawa kwa kuangalia kilichotokea kwenye mazungumzo: ukiona jina la faili, ukubwa wake na maandishi PNG au JPG, ni faili. Ukiona picha yenyewe imejitandaza, umeituma kwa njia ya zamani. Kwa meseji tisa faili kwa kawaida halitazidi megabaiti chache, na hilo halimmalizi mtu bando.

Ipo njia ya pili, na kwa mtu asiyezoea kutafuta mafaili naiona ni bora zaidi. Rudi kwenye hesabu ile: skrinishoti ya kawaida ya simu ya mjomba ina urefu wa nukta 1600, kiasi kilekile ambacho WhatsApp inakiruhusu. Maana yake haipunguzwi kabisa. Skrinishoti sita za kawaida zilizotumwa kama picha zitasomeka, wakati ile moja ndefu haisomeki. Sharti ni moja tu: kila picha ianze na meseji iliyokuwa ya mwisho kwenye picha iliyotangulia, ili mpwa aone kuwa hakuna iliyorukwa katikati. Simu yenye skrini kubwa zaidi, tuseme 1080 kwa 2400, picha zake zitapunguzwa kwa moja na nusu, lakini maandishi bado yatasomeka.

Sasa turudi kwenye kuipiga, maana nako kuna mitego. Kwa Android, bonyeza kwa pamoja kitufe cha kuwasha na kile cha kupunguza sauti, kisha uachie mara moja. Ukichelewa kuachia, simu itadhani unataka kuizima. Kwenye Tecno, Infinix na Redmi unaweza pia kuburuza vidole vitatu kutoka juu kwenda chini. Picha ikishapigwa, kijipicha kidogo kinatokea kwa sekunde chache pembeni au chini. Hapo ndipo pa kuwahi. Kwenye Samsung tafuta alama ya mishale inayoelekea chini, uibonyeze na kuishikilia. Kwenye simu nyingine utaona neno "Scroll", "Long screenshot" au "Capture more". Android yenyewe imekuwa na uwezo huu tangu toleo la 12 la mwaka 2021. Kwenye matoleo ya nyuma inategemea kama mtengenezaji wa simu aliuongeza mwenyewe.

Wengi hulalamika kwamba neno lile halitokei. Kwenye meseji sababu kubwa ni kwamba ukifungua mazungumzo, simu inakupeleka chini kabisa, kwenye meseji ya karibuni. Skrinishoti ndefu kwa kawaida hushuka tu, haipandi. Ukiwa umeshafika chini hakuna pa kushuka, basi simu haikupi nafasi hiyo. Panda kwanza hadi kwenye meseji ya kwanza unayoitaka, kisha ndipo upige. Kupanda huko kuna faida nyingine: meseji za zamani hupakiwa kadiri unavyozifuata, na ambayo haijapakiwa haiwezi kuingia kwenye picha. Kwenye tovuti ni hivyo hivyo. Picha za chini ya ukurasa mara nyingi hazipakiwi mpaka uzifikie, kwa hiyo shuka hadi mwisho polepole, rudi juu, kisha piga. Usipofanya hivyo utapata visanduku vyeupe katikati.

Inafaa kujua namna simu inavyoiunga picha hiyo, kwa sababu makosa yake yanatokana na uungaji huo. Simu nyingi huuteremsha ukurasa zenyewe kidogo kidogo, zikipiga picha kila hatua. Kisha hulinganisha mwisho wa picha moja na mwanzo wa inayofuata, zikitafuta sehemu inayofanana, na hapo ndipo zinapogandisha. Meseji za benki ni mtihani kwa utaratibu huu, kwa kuwa zinafanana: mwanzo uleule, salamu ileile, mpangilio uleule, tofauti ni kiasi na tarehe. Simu inaweza kudanganyika ikaunganisha meseji ya tatu na ya tano, na ya nne ikapotea bila alama yoyote. Au ikairudia moja mara mbili.

Kwa hiyo kabla ya kutuma, hesabu. Kama kwenye simu meseji ni tisa, na kwenye picha ziwe tisa. Fuata tarehe kutoka juu kwenda chini uone kama zinapanda bila kuruka. Angalia pia mstari wowote ambao herufi zake zimekatwa katikati kwa mlalo, kichwa kikawa cha neno moja na miguu ya neno jingine. Huo ni mshono ulioharibika. Ukiukuta, piga upya baada ya kuondoa kila kinachocheza kwenye skrini: ficha kibodi, simamisha video au tangazo linalojibadilisha, maana kitu kinachobadilika kati ya hatua moja na nyingine kinaharibu ulinganishaji. Kosa jingine ni la kitu kinachobaki palepale ukishusha ukurasa, kama upau wa juu wa tovuti, ambao unaweza kujirudia kila baada ya skrini moja. Huo hauna madhara kwa msomaji, ila umwambie mapema asidhani ukurasa una hitilafu.

Kwenye iPhone mambo ni tofauti kidogo. Kwa zile zisizo na kitufe cha Home, unabonyeza kitufe cha pembeni pamoja na cha kuongeza sauti, unagusa kijipicha, kisha unachagua "Full Page". Chaguo hilo linapatikana kwenye Safari na programu chache nyingine, si kwenye mazungumzo ya WhatsApp. Picha ndefu hiyo unaweza kuihifadhi kama PDF, na PDF husafiri kama faili, kwa hiyo tatizo la utepe halimpati mtumaji. Kwenye kompyuta yenye Edge au Firefox bonyeza Ctrl+Shift+S, kisha uchague ukurasa mzima. Chrome nayo inaweza, ila imeficha jambo hili. Bonyeza F12, halafu Ctrl+Shift+P, na kwenye kisanduku kinachofunguka uandike:

```
screenshot
```

Chagua "Capture full size screenshot". Picha itashuka kwenye folda ya Downloads.

Huenda ukashawishika kutumia njia ya kuchapisha ukurasa kama PDF badala ya haya yote. Inafaa pale unapotaka mwenzako ayasome maandishi tu. Lakini mtu akikwambia nionyeshe unachokiona, PDF ya kuchapisha si jibu. Ukurasa hupangwa upya ili uenee kwenye karatasi, vitufe vingine hutoweka, na ile hitilafu unayotaka aione inaweza isiwepo kabisa.

Kuna skrini ambazo hazikubali kupigwa picha. Ukifungua programu ya benki ukapata picha nyeusi, au ujumbe kuwa skrinishoti hairuhusiwi, simu yako ni nzima. Mwenye programu ameiwekea Android alama ya kuzuia, na alama hiyo inazuia skrinishoti fupi, ndefu na kurekodi vilevile. Usipoteze muda kutafuta programu ya kukwepa kizuizi hicho, na nyingi za namna hiyo ni za kuziogopa, kwani zinaomba ruhusa ya kuona kila kitu unachofanya. Ndani ya programu nyingi za benki kuna sehemu ya kushusha taarifa ya akaunti kama PDF, na hiyo mpwa ataisoma vizuri zaidi.

Menyu za namba, kama *150*00# ya M-Pesa au *150*60# ya Airtel Money, zenyewe hupigika. Ila haziwezi kuunganishwa kwa urefu, kwa sababu kila hatua ni kidirisha kipya, basi piga moja moja na upige haraka kabla muda wa menyu haujaisha. Hapa kuna hatari ambayo wengi hawaifikirii. Kwenye simu nyingi, namba ya siri unayoandika ndani ya kidirisha hicho huonekana wazi kama tarakimu, haifichwi kwa nyota. Usipige picha wakati huo. Na kama ulishapiga, futa, kisha ufute tena kwenye pipa la taka la galari.

Kuficha sehemu ya picha nako kuna kanuni zake. Mpwa anahitaji tarehe, kiasi na kumbukumbu ya muamala, hahitaji kuona salio, na pengine picha itafika hadi kwa katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, au kwenye kundi. Usitumie kalamu ile ya kuwekea mkazo, hata ukiipitisha mara tatu. Wino wake unapitisha mwanga kidogo, na mtu akiongeza mng'ao wa picha anaweza kuyasoma maandishi ya chini. Weka umbo la mraba uliojazwa rangi nyeusi kabisa, kisha hifadhi. Kukata picha nako si kinga kamili. Mwaka 2023 iligundulika kuwa kifaa cha kuhariri skrinishoti kwenye simu za Google Pixel, pamoja na Snipping Tool ya Windows 11, vilikuwa vikiiacha sehemu iliyokatwa ndani ya faili, na mtu mwenye ujuzi aliweza kuirejesha. Kasoro hiyo imesharekebishwa, lakini picha zilizotumwa kama faili kabla ya hapo zilibaki nayo. Njia rahisi ya kujilinda ni kuifungua picha uliyokwisha kuikata au kuiziba, uipige skrinishoti upya, na utume hiyo ya pili. Picha ya picha haina kilichokuwa kimefichwa.

Mpaka hapa tumeshughulikia kitu kilichotulia. Tatizo likiwa la mwendo, kwa mfano kitufe kisichoitika, au onyo linalotokea na kutoweka kabla hujalisoma, skrinishoti haitalinasa. Hapo rekodi skrini. Android imekuwa na kinasa chake tangu toleo la 11 la mwaka 2020, na iPhone tangu iOS 11 ya mwaka 2017. Shusha pazia la juu mara mbili, tafuta "Screen recorder" au "Screen record". Kama haimo, bonyeza alama ya kalamu uiongeze. Kwenye iPhone inaongezwa kwenye Control Center.

Kwenye Android, kabla ya kuanza kwa kawaida utaulizwa mambo mawili. La kwanza ni sauti: chagua maikrofoni kama unataka kueleza kwa mdomo unachofanya, na hilo linamsaidia sana anayetazama. La pili ni kuonyesha unapogusa, "Show touches". Liwashe. Bila hilo mtazamaji anaona ukurasa umekaa kimya, hajui kama umebonyeza kitufe au hujabonyeza, wakati hilo ndilo hasa analotaka kulijua. Lakini alama hizo za kidole huonyesha pia unapoandika namba ya siri, hata kama tarakimu zimefichwa kwa nyota, kwa sababu mahali pa kila namba kwenye kibodi panajulikana. Ingia kwanza kwenye akaunti, kisha ndipo uanze kurekodi. Washa pia "Do Not Disturb", ili meseji za watu wengine zisishuke juu ya video yako.

Anzia hatua moja kabla ya tatizo, si kwenye tatizo lenyewe, ili mwenzako aone ulikotoka. Kaa sekunde mbili kwenye kila ukurasa bila kugusa kitu, naye apate kusimamisha video na kusoma. Onyo likitokea, lisome kwa sauti. Sekunde 40 zinatosha kwa mambo mengi. Kuhusu ukubwa, video inayorekodiwa kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde huchukua megabaiti 30 kwa dakika moja, na simu nyingine hutumia kasi kubwa zaidi ya hiyo. Ukiituma kama video ya kawaida, WhatsApp itaibana na maandishi madogo yatafifia kama ilivyokuwa kwa picha. Ikate mwanzo na mwisho kwenye galari, kisha uitume kwa "Document".

Mjomba wa Kitangari hahitaji video. Anahitaji faili moja, au picha sita za kawaida, na juu yake maneno machache ya kuandikwa, kwa sababu mpwa hawezi kunakili tarakimu kutoka kwenye picha bila hatari ya kukosea: "Mpwa wangu, marahaba. Faili hili lina meseji 9, nimezihesabu. Ile ambayo siielewi ni ya sita kutoka juu. Salio nimeliziba." Chini yake anaibandika meseji ile ya sita yenyewe, aliyoishikilia kwa kidole na kuinakili kutoka kwenye meseji za benki, ikiwa na kumbukumbu yake ya muamala.